Kisa cha 'do': Jinsi Kiingereza kilivyopata neno la kuulizia

MSEMAJI wa Kiswahili akitaka kugeuza taarifa iwe swali hahamishi neno hata moja. "Juma aliuza mbuzi jana" ni taarifa. Pandisha sauti kuelekea mwisho na maneno yale yale manne yanakuwa swali: "Juma aliuza mbuzi jana?" Anayetaka kumwandaa msikilizaji mapema ataanza na "je". Mwingine, hasa huku kwetu Kenya, atatia "ama" mwishoni: "Juma aliuza mbuzi jana, ama?" Vyovyote atakavyouliza, kitenzi "aliuza" hakitikisiki. Kiko pale pale kilipokuwa, na umbo lake ni lile lile.

Si ajabu basi kwamba E. O. Ashton, alipochapisha kitabu chake mashuhuri cha sarufi ya Kiswahili mwaka wa 1944, alikitaja kiimbo katika anwani yenyewe ya kitabu. Alitambua kwamba kwetu sisi sauti ni sehemu ya sarufi, wala si pambo la mazungumzo.

Sasa tazama Mwingereza anavyofanya. Taarifa yake ni "Juma sold the goat yesterday". Swali lake ni "Did Juma sell the goat yesterday?" Mambo mawili yametokea. Kwanza, neno ambalo halikuwamo limeingia na kuketi mbele ya Juma. Pili, "sold" imevuliwa njeo yake ya wakati uliopita na kurudi kuwa "sell". Mwanafunzi akiuliza maana ya neno hilo jipya huambiwa kwamba "do" ni "kufanya". Lakini jaribu kuitia maana hiyo katika swali letu uone kama utapata chochote. "Did" hii haina maana ya kufanya wala ya jambo lingine lolote.

Neno lisilo na maana lilipataje nafasi ya mbele katika swali? Jibu limo katika historia ya Kiingereza chenyewe, na ukiijua historia hiyo utaelewa pia kwa nini wasemaji wa Kiswahili hukosea mahali fulani mahususi wanapouliza kwa Kiingereza.

Tuanze na Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka wa 1100 hivi. Katika lugha hiyo hapakuwa na "do" ya kuulizia. Aliyetaka kuuliza alikirusha kitenzi chenyewe mbele ya kiima. Tukiutumia utaratibu huo na maneno ya leo tungesema "Sold Juma the goat?", yaani, neno kwa neno, "Aliuza Juma mbuzi?" Binamu za Kiingereza kama Kijerumani na Kiholanzi huuliza hivyo hadi leo. Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka wa 1844, na mwenzake Johannes Rebmann aliyemfuata mwaka wa 1846, walikuwa Wajerumani waliotumwa na shirika la kimishenari la Waingereza. Lugha yao ya kuzaliwa ilirusha kitenzi, lugha ya waliowatuma ilidai "do", na lugha waliyoikuta pwani haikudai lolote kati ya hayo mawili.

"Do" ilianza kutokea kama kitenzi kisaidizi katika maandishi ya karne ya 13, hasa kusini magharibi mwa Uingereza. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba ilitokana na matumizi yake ya kusababisha. Zamani hizo "do" iliweza kumaanisha kumfanya mtu mwingine atende jambo, kama kiambishi chetu "-sh-" katika "jengesha". Mfalme "aliyefanya kujenga ngome" ni mfalme aliyeijengesha. Lakini fikiria tunavyosema hata katika Kiswahili: "Sultani alijenga ngome." Sote tunajua kwamba sultani hakubeba jiwe hata moja. Tofauti kati ya kujenga na kujengesha, mtendaji anapokuwa mkubwa, ni ndogo mno. Basi polepole msikilizaji alianza kuisikia "did build" kama namna nyingine tu ya kusema "built". Maana ya kusababisha ikafifia na "do" ikabaki ganda tupu. Washairi walilipenda ganda hilo, kwa sababu liliwawezesha kukisukuma kitenzi kikuu mwisho wa mshororo ili kipate vina.

Wapo wataalamu, akiwemo Mwamerika John McWhorter, wanaosema kwamba chanzo hasa ni lugha za Kikelti zilizosemwa kisiwani humo kabla Waingereza hawajafika. Kiwelshi, kwa mfano, hadi leo hutumia kitenzi chake cha "kufanya" kama kisaidizi. Wanaopinga huuliza: kama ni hivyo, mbona "do" haionekani katika maandishi kwa karne nyingi baada ya watu hao kuanza kuishi pamoja? Wanaotetea hujibu kwamba lugha ya mnyonge huchelewa kuandikwa. Mjadala huo haujaisha, nasi tuuache hapo.

Jambo lisilo na mjadala ni jinsi "do" ilivyoenea. Mwaka wa 1953 msomi wa Uswidi, Alvar Ellegård, alichapisha utafiti ambao wanaisimu bado wanautegemea. Alikusanya maelfu ya mifano kutoka kwa maandishi ya karne kadhaa na kuihesabu kwa aina za sentensi. Alichokiona ni kwamba "do" haikuingia kila mahali kwa mpigo. Katika karne ya 16 iliota mizizi kwanza katika maswali ya kukanusha, yaani maswali ya namna ya "Hukumwona?" Nyuma yake yakaja maswali ya kawaida ya kujibiwa ndiyo au la. Maswali yenye viulizi vya yambwa, kama vile "Juma aliuza nini?", yalifuata kwa kuchelewa. Taarifa za kukanusha zilijivuta zaidi, na ndiyo sababu Waingereza waliendelea kusema "I know not" muda mrefu baada ya kuzoea kuuliza kwa "do". Kitenzi "know" kilikuwa mkaidi hasa.

Nao upande wa taarifa za kukubali? Hapo ndipo penye kioja. Katikati ya karne ya 16 watu waliandika "Juma did sell the goat" wakimaanisha tu kwamba aliuza, bila msisitizo wowote. Kisha, kuelekea mwisho wa karne hiyo, matumizi haya yakaanza kushuka ilhali yale ya maswali yakiendelea kupanda. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka wa 1755, sarufi iliyoitangulia ilikemea "do" ya ziada katika taarifa. Leo hii "Juma did sell the goat" husemwa tu na anayebishana: "Juma aliuza mbuzi, nakuambia!"

Kwa nini maswali yaliing'ang'ania "do" ilhali taarifa ziliitema? Baadhi ya wanaisimu hutoa sababu hii. Kiingereza cha Kale kilikuwa na viambishi tamati vya kuonyesha nani mtendaji na nani mtendwa, na kwa hiyo maneno yaliweza kupangwa kwa uhuru. Viambishi hivyo vilikuwa vimekwisha kupukutika kufikia miaka ya 1400. Kilichobaki kutofautisha mtendaji na mtendwa ni mpangilio peke yake: kiima, kitenzi, yambwa. Sasa ukikirusha kitenzi mbele, unaubomoa mpangilio huo. "Saw Juma Ali?" Nani alimwona nani? Majina mawili yamekaa bega kwa bega na hakuna kitu katikati cha kuyatenga. Lakini ukisema "Did Juma see Ali?", Juma yuko kabla ya kitenzi na Ali yuko baada yake, kama ilivyo katika taarifa. "Do" ilikubali kurukaruka ili kitenzi kikuu kitulie.

Isitoshe, Kiingereza kilikuwa tayari na visaidizi kama "can", "must" na "shall" vilivyofanya kazi hiyo hiyo. "Can Juma see Ali?" ni swali lenye umbo lile lile. "Do" ilipoingia iliyapa maswali yote sura moja: kisaidizi mbele, kiima, kitenzi kikuu kilichovuliwa njeo, halafu yambwa. Taarifa haikuwa na shida hii, kwa hivyo haikuhitaji msaidizi.

Mabadiliko haya yalichukua vizazi, na katikati yake njia ya zamani na njia mpya ziliishi nyumba moja. William Shakespeare, aliyefariki mwaka wa 1616, hutumia zote mbili, mara nyingi katika tamthilia hiyo hiyo. Biblia ya Mfalme James ya mwaka wa 1611 huegemea sana njia ya zamani, ambayo hata wakati ule ilikuwa imeanza kuzeeka. Mwalimu Julius Nyerere alipoitafsiri tamthilia ya Julius Caesar kwa Kiswahili, toleo lake la kwanza likatoka mwaka wa 1963, alikutana na maswali ya aina zote mbili. Kiswahili hakikumlazimisha kuzitofautisha. Swali lenye "do" na swali la kurusha kitenzi, yakifika kwetu, yote huwa kitu kimoja: taarifa iliyopandishiwa sauti.

Tukiisha kuijua historia hiyo, tunaweza kulitengeneza swali letu hatua kwa hatua tuone kinachotendeka. Chukua tena "Juma sold the goat". Ndani ya "sold" mna vitu viwili vilivyoshikamana: tendo la kuuza na njeo ya wakati uliopita. Kiswahili huvionyesha wazi. Katika "a-li-uza" tunaiona "-li-" kwa macho yetu. Katika "sold" njeo imeyeyukia ndani ya neno kama sukari katika chai, lakini imo.

Ili kuuliza, Mwingereza anahitaji kuipeleka njeo mbele ya kiima. Zamani aliipeleka pamoja na kitenzi kizima: "Sold Juma the goat?" Baada ya karne ya 16 kitenzi kikuu kilikataa kusafiri. Kwa hivyo njeo inang'olewa kutoka kwa "sold" na kinachobaki ni "sell". Njeo peke yake haiwezi kutamkwa, kama vile "-li-" yetu isivyoweza kusimama peke yake katika sentensi. Ni lazima ipate kitu cha kupanda. Kitu hicho ni "do". Njeo ya wakati uliopita ikimpanda "do" tunapata "did". "Did" anaruka mbele ya Juma, na swali limekamilika: "Did Juma sell the goat?" Kwa ufupi, "do" ni punda wa kubeba njeo. Hana maana kwa sababu hakuletwa kwa ajili ya maana.

Hapa ndipo tunapolielewa kosa ambalo mwalimu yeyote wa Kenya amelitia wino mwekundu mara zisizohesabika: "Did Juma sold the goat?" Mzigo mmoja umebebwa mara mbili. Njeo iko juu ya punda na bado iko mgongoni mwa mwenye punda. Ndugu wa kosa hilo ni "Does Juma sells goats?" ambapo "-s" ya nafsi ya tatu umoja katika wakati uliopo imebandikwa kwa msaidizi na kwa kitenzi kikuu kwa pamoja.

Wengi huyaita makosa haya uzembe. Mimi naona yana mantiki yake, na mantiki hiyo ni ya Kiswahili. Tazama jinsi sisi tunavyotumia visaidizi. Tunasema "Juma alikuwa anauza mbuzi" au "Juma alikuwa ameuza mbuzi". Kisaidizi "alikuwa" kina nafsi na njeo. Kitenzi kikuu "anauza" au "ameuza" nacho kina nafsi na kiambishi chake cha wakati au hali. Kwetu kila kitenzi hubeba mzigo wake. Kumvua kitenzi kikuu viambishi vyote na kusema "Juma alikuwa uza mbuzi" ni kuvunja sarufi. Msemaji aliyekulia katika mfumo huo akikutana na "did", ataona ni kawaida "sold" nayo ivae nguo zake. Hata hivyo tusijilaumu kupita kiasi, kwa maana watoto wa Waingereza wenyewe, wakiwa bado wanajifunza kuongea, hulifanya kosa hilo hilo la kuiweka njeo pande zote mbili, kisha huliacha wanapokua.

Njia ya kujikagua ni rahisi. Ukiisha kuandika swali lako, hesabu ni mara ngapi njeo inaonekana katika kishazi hicho. Ikiwa ni zaidi ya mara moja, ondoa iliyo kwenye kitenzi kikuu. "Did Juma sold" ina mbili: "did" na "sold". Vua ya pili ubaki na "Did Juma sell". "Does Juma sells" ina mbili. Vua ya pili ubaki na "Does Juma sell". Ikiwa huoni njeo mbele ya kiima hata kidogo, kama katika "Where Juma sold the goat?", basi punda hakuletwa. Swali hili la mwisho ni tafsiri ya mtu aliyezoea kwamba kiulizi chenyewe kinatosha. Kwetu "Juma alimuuza mbuzi wapi?" haihitaji zaidi ya neno "wapi". Kiingereza hudai vitu viwili: kiulizi mbele kabisa, na baada yake njeo juu ya msaidizi: "Where did Juma sell the goat?"

Kuna sehemu tatu ambapo punda haitwi, na wanaojifunza hupotea huko pia. Ya kwanza ni pale penye kisaidizi kingine au kitenzi cha kuwa. Njeo tayari ina pa kupanda. "Juma can sell" huwa "Can Juma sell?" na "Juma was at home" huwa "Was Juma at home?" Anayesema "Do you can come?" ameleta punda wa pili penye punda. Vitenzi hivi vilibaki na desturi ya zamani ya kuruka mbele, ile ambayo vitenzi vikuu viliiacha. Kitenzi "have" cha umiliki kiko mguu nje, mguu ndani. Waingereza wa zamani walisema "Have you a pen?" na wazee waliosoma kwa vitabu vya enzi hizo bado huuliza hivyo. Vijana wa leo watasema "Do you have a pen?" Hakuna aliyekosea hapo. Mabadiliko yaliyoanza karne nyingi zilizopita bado yanaendelea mbele ya macho yetu.

Sehemu ya pili ni swali linalomtafuta mtendaji mwenyewe. "Nani aliuza mbuzi?" kwa Kiingereza ni "Who sold the goat?" bila "did". Mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kwamba maswali huhitaji "do" huandika "Who did sell the goat?" au, vibaya zaidi, "Who did sold the goat?" Sababu ya kutohitaji "do" inaeleweka tukikumbuka kazi yake. "Do" ililetwa ili njeo iruke mbele ya kiima. Hapa kiima ndicho "who", nacho tayari kiko mwanzoni kabisa. Hakuna kitu cha kurukwa. Hiyo "Who did sell the goat?" yenyewe si batili, lakini ni ya msisitizo: umeambiwa kwamba huyu hakuuza, na yule hakuuza, nawe unauliza kwa ukali, basi nani hasa aliuza?

Sehemu ya tatu ni swali lililotajwa ndani ya taarifa. Sisi husema "Nilimuuliza Juma alimuuza mbuzi wapi", na maneno yanayofuata "Juma" ni yale yale ya swali la moja kwa moja. Kwa hivyo wengi wetu huandika "I asked Juma where did he sell the goat". Kiingereza, tangu enzi za kale, hakirushi kitenzi katika kishazi tegemezi cha namna hii. Kurusha ni ishara kwamba ninauliza sasa hivi, wala si kwamba nasimulia nilichouliza. Sahihi ni "I asked Juma where he sold the goat". Njeo inarudi nyumbani kwake ndani ya "sold", na punda anapelekwa malishoni.

Nimeyaacha mwisho maswali ya kukanusha, yale yaliyokuwa ya kwanza kuikumbatia "do" katika hesabu za Ellegård, kwa sababu hapa kosa halimalizikii kwenye alama za mtihani. Mfikirie shahidi mahakamani. Katika mahakama zetu za chini kesi yaweza kuendeshwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Katika Mahakama Kuu, lugha ni Kiingereza. Wakili anauliza, "Didn't you see the accused that night?" Mkalimani anasema, "Hukumwona mshtakiwa usiku huo?" Shahidi ambaye hakumwona anajibu kwa Kiswahili safi: "Ndiyo." Maana yake ni: ndiyo, ulivyosema ni kweli, sikumwona. Kwetu "ndiyo" huyakubali maneno ya muulizaji jinsi yalivyo, pamoja na ukanushi wake. Lakini Mwingereza anayesema "Yes" baada ya "Didn't you see?" anakubali tendo lenyewe: nilimwona. Mkalimani akitafsiri "ndiyo" kwa "Yes" na kunyamaza, kumbukumbu za kesi zitasema kwamba shahidi alimwona mshtakiwa. Neno moja, na ushahidi umepinduka chini juu.

Kinga ipo, na ni "do" hiyo hiyo inayoitoa. Kiingereza hujibu kwa kumrudia msaidizi: "No, I didn't" au "Yes, I did." Hapo hakuna utata. Mkalimani mzuri hatafsiri "ndiyo" ikiwa uchi. Husubiri au humwomba shahidi akitaje kitenzi, "sikumwona", kisha hutoa "No, I didn't see him". Nasi tunaojibu kwa Kiingereza, iwe ni kwenye mahojiano ya kazi au kwa daktari anayeuliza "Didn't you take the medicine?", tusiishie kwenye "Yes" wala "No". Tuongeze "I did" au "I didn't".

Lipo jambo moja la kuongeza ili msomaji asidhani kwamba Mwingereza hajui kuuliza kwa sauti. Anajua. "Juma sold the goat?" kwa kupandisha sauti ni Kiingereza halali. Ila swali hilo ni la mtu aliyekwisha kuisikia habari, anayeshangaa au kutaka ithibitishwe. Kwa Kiswahili chetu cha mitaani lingekuwa "Kwani Juma aliuza mbuzi?" au "Eti Juma aliuza mbuzi?" Kwa hiyo mgeni anayeingia ofisini na kuuliza "You have my file?" akidhani ameuliza tu kawaida, karani aweza kumsikia kana kwamba anashangaa au anashuku. Anayetaka kuuliza bila kushuku chochote atasema "Do you have my file?" Katika "je" tumezoea kuona neno la hiari, la kutia au kuacha. "Do" haikupewa hiari hiyo. Ilianza kama ganda tupu, ikashinda katika maswali karibu yote, na sasa ikikosekana, Mwingereza hudhani umemwuliza jambo jingine.